Warsha ya nusu siku ofisini: ajenda yenye saa, na maelezo ya anayeiongoza

Malalamiko ninayoyapata ni yale yale. "Tulifanya warsha, watu wakachangia vizuri, chai ikanywewa, picha zikapigwa, na Jumatatu kila kitu kikarudi pale pale." Nikiomba kuiona ajenda, karibu kila mara nakuta kasoro mbili. Ajenda imejaa mada ("Mawasiliano", "Huduma kwa mteja") lakini haisemi watu watatoka na kitu gani mkononi. Halafu kazi ya kugawana majukumu imeachiwa dakika kumi za mwisho, na hizo huliwa na hotuba ya bosi.

Hapa nitafuata warsha moja tangu maandalizi hadi wiki mbili baada yake. Ni ya ofisi ya uwakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu 12, waliokuwa na swali moja: kwa nini lori la mteja linalala mpakani siku mbili tatu likisubiri makaratasi? Kama wewe una Sacco au duka la jumla, weka neno lako mahali pa "faili". Saa na mpangilio viache vilivyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi za manila 8, na selotepu ya karatasi ambayo haibandui rangi ya ukuta
- Kadi 150. Karatasi za kawaida zilizokatwa mara nne zinatosha
- Kalamu za maka 14, zote nyeusi au bluu, na nyekundu 2
- Mafaili 18 ya kweli yaliyokwisha kufungwa
- Saa ya ukutani inayotembea
- Daftari moja la majukumu
- Chai ya maziwa na chapati au samosa, zilizoagizwa kwa idadi ya watu na mbili za ziada

Projekta sikuiweka kwa makusudi. Umeme ukikatika, warsha ya projekta imekwisha, ila ya kadi na ukuta inaendelea hata kwa mwanga wa dirisha. Tena kilichoko ukutani hakipotei mtu anapobonyeza ukurasa unaofuata.

## Maandalizi, kuanzia wiki moja kabla

### 1. Andika matokeo kabla ya ajenda

Chukua kipande cha karatasi umalizie sentensi hii: "Saa 6:40 mchana tutakuwa na..." Ukijikuta umeandika "uelewa wa pamoja", futa. Uelewa haubandikwi ukutani. Pale Malaba tuliandika: "Tutakuwa na mchoro mmoja wa njia ya faili, chanzo kimoja tulichokithibitisha kwa mafaili yetu wenyewe, na majukumu yasiyozidi matatu, kila moja lina jina la mtu na tarehe."

Nusu siku inabeba swali moja. Mawili yakiingia, yote mawili yatatoka nusu nusu. Na kama shida yenyewe ni mishahara iliyochelewa, usiite warsha. Hilo ni la bosi kujibu, na watu wataona unawazungusha.

### 2. Toa mafaili yenyewe

Usichague mafaili mabaya wala mazuri. Fungua rejista, chukua 18 yaliyofuatana mwezi uliopita. Juu ya kila faili bandika karatasi yenye tarehe nne: mteja alipoleta makaratasi kwa mara ya kwanza, tamko la forodha lilipoingizwa kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, kodi ilipolipwa, na mzigo ulipoachiliwa.

Kazi hii inakula nusu siku na haina ladha, ndiyo maana wengi wanairuka. Wakiiruka, warsha inageuka mashindano ya kumbukumbu, na mwenye sauti kubwa ndiye anakumbuka vizuri zaidi.

Tarehe ikikosekana, acha nafasi wazi. Nafasi wazi nazo zina habari. Kwetu mafaili matano hayakuwa na tarehe ya mteja kuleta makaratasi, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuanze kutazama upande wa mapokezi.

### 3. Zungumza na bosi peke yake

Siku mbili kabla, mkiwa wawili tu. Mimi nilimwambia hivi: "Mzee, siku hiyo naomba uzungumze wa mwisho. Ukitangulia wewe, hao kumi na mmoja watakubaliana nawe, na asubuhi yote itakuwa imepotea."

Muombe mambo mengine mawili. Akae hadi mwisho, kwa sababu jukumu ambalo bosi hakulisikia likitamkwa huwa halina baba. Pia akwambie kiasi cha fedha anachoweza kukiidhinisha palepale bila kwenda kufikiri. Hata kikiwa kidogo, kijue, maana kinakusaidia kukata suluhu zinazohitaji kompyuta mpya kumi.

Kama wewe ndiye bosi, tafuta mtu mwingine aongoze. Asiwe yule ambaye kazi yake ndiyo inayochunguzwa.

### 4. Mwaliko, na mtego wa saa

Hapa kwetu mtu mmoja husema saa tatu, simu yake ikaonyesha 9:00, na wote wawili wako sahihi. Ukituma ujumbe wenye "3:00" tupu, kuna atakayefika mchana. Andika: "saa 2:30 asubuhi, simu itaonyesha 8:30." Imeshanigharimu mhasibu mzima mara moja, alitokea tunakunja manila.

Kama warsha ni ya ndani na haina posho, sema humo humo kwenye mwaliko, na useme kama anayetoka zamu ya usiku atarudishiwa nauli ya boda. Lisiposemwa mapema, ndilo litakalonong'onwa kuanzia saa nne.

Epuka Ijumaa. Ukichelewa kidogo tu unakula muda wa swala, na nusu ya watu wataanza kutazama viatu vyao. Sisi tulichukua Jumatano.

Ofisi ya mpakani haifungwi, basi waache watu wawili na simu ya ofisi. Waambie mmoja wao ataingia wakati wa chai kuleta yaliyozuka. Ukiahidi hivyo, hutakuwa na haja ya kunyang'anya watu simu, jambo ambalo kwa mtu mwenye lori njiani ni sawa na kumfunga macho.

## Ajenda yenyewe

| Saa | Kazi | Kinachobaki |
|---|---|---|
| 2:30–2:45 | Kufika, kuketi wawili wawili | Watu wako vitini |
| 2:45–3:00 | Kufungua | Swali moja ukutani |
| 3:00–3:50 | Kuchora njia ya faili | Mchoro wa kadi |
| 3:50–4:20 | Kuhesabu linapokwama | Vijiti kwenye mchoro |
| 4:20–4:45 | Chai | |
| 4:45–5:25 | Kutafuta chanzo | Chanzo kimoja |
| 5:25–5:55 | Kuchagua suluhu | Suluhu zisizozidi tatu |
| 5:55–6:25 | Majukumu | Daftari limejazwa |
| 6:25–6:40 | Kusoma na kufunga | Kila mtu amesema lake |

Bandika ajenda hii ukutani kwa herufi kubwa. Saa ikionekana na watu wote, wenyewe watakusaidia kumnyamazisha anayerefusha.

## Maelezo ya mwezeshaji, hatua kwa hatua

### Saa 2:45. Kufungua (dakika 15)

Anza saa 2:45 hata kama wamefika saba. Ukisubiri, umewaadhibu waliowahi, na mara ijayo nao hawatawahi.

Soma swali lililoko ukutani. Soma matokeo mnayotaka. Sema sheria moja tu: tunazungumza juu ya faili, hatuzungumzi juu ya mtu. Kisha bandika manila tupu pembeni, uipe jina "Baadaye". Lolote la maana lisilo la leo linaandikwa pale, kwa maneno ya aliyelisema.

Wape kila mtu kadi moja aandike kimyakimya, bila jina: "Nadhani faili hukwama zaidi wapi?" Zikunje, ziweke mfukoni mwako. Usizisome sasa. Zitafanya kazi kabla ya chai.

Utambulisho wa mtu mmoja mmoja uache. Wanafanya kazi chumba kimoja, wanajuana hadi majina ya watoto.

### Saa 3:00. Kuchora njia ya faili (dakika 50)

Kila jozi inaandika hatua za faili, kadi moja hatua moja, kuanzia mteja anapoingia mlangoni hadi lori linapovuka. Kadi ianze na kitendo: "anapokea ankara", "anaingiza tamko", "analipia PRN", yaani namba ya malipo ya kodi. Dakika 15 za kuandika, 35 za kupanga ukutani kwa pamoja.

Panga jozi kwa kuchanganya: keshia na dereva, wa mapokezi na dekleranti, yaani anayeandaa tamko. Asiyependa kuandika, mwenzake aandike, na lugha iwe yoyote inayotoka haraka. Kwetu kulikuwa na kadi za Kiswahili, za Kiingereza na mbili za Ateso, na hakuna aliyepotea.

Hapa mabishano yataanza, nawe yaache. Dekleranti wetu mkuu alibandika kadi "ninapokea faili kamili". Hajati wa mapokezi akamtazama kwa muda, akasema, "Kamili kwa nani, kaka? Mimi napokea anacholeta mteja." Nikazibandika kauli zote mbili, moja juu ya nyingine, na kuchora duara jekundu kuzizunguka. Usiamue nani ana haki. Kazi yako ni kuhakikisha mgongano umeonekana ukutani na haujayeyuka kwenye maneno.

Jihadhari na kuchora njia inavyopaswa kuwa. Utaitambua kwa unadhifu wake: hakuna kurudi nyuma, hakuna "anapiga simu tena". Ukiona hivyo, chukua faili moja mezani uulize, "Hili nalo lilipita hivi?" Mchoro wa kweli huwa na angalau mishale miwili inayorudi ilikotoka.

### Saa 3:50. Kuhesabu (dakika 30)

Gawa mafaili 18, kila jozi matatu. Kwa kila faili watafute pengo refu zaidi kati ya tarehe zile nne, kisha waende ukutani wachore kijiti kimoja pale kwenye mchoro. Tarehe ikikosekana, wauliziane: aliyelishika faili yuko humo chumbani.

Vijiti vikishakamilika, ndipo utoe zile kadi mfukoni uzisome kwa sauti. Kwetu, kadi 9 kati ya 12 zilitaja forodha au mtandao. Vijiti vikasema vingine: mafaili 11 yalikwama kabla hata tamko halijaingizwa, manne yalingoja mteja alipe, matatu tu yalingojea upande wa forodha.

Chumba kilinyamaza. Usikijaze kimya hicho kwa maelezo, na usimruhusu bosi akijaze. Uliza tu, "Tunaona nini?" kisha hesabu hadi kumi moyoni.

Tahadhari moja kuhusu hesabu hii. Mafaili 18 yanatosha kukuonyesha pa kutazama, hayatoshi kukupa asilimia za kumwandikia mteja barua. Kama vijiti vingegawanyika 7, 6 na 5, ningesema wazi kwamba hatuna jibu, na ningewaomba wachague sehemu moja tu ambayo iko mikononi mwetu.

### Saa 4:20. Chai (dakika 25)

Dakika 15 za chai huwa ni 25 kwa jina lingine, basi andika 25 ukweli ujulikane. Mtu wa zamu alete habari za simu sasa. Wewe usikae na bosi. Kaa karibu na aliyenyamaza tangu asubuhi. Kwetu alikuwa tanboi, yaani utingo wa lori, naye ndiye aliyeniambia, mdomo una chapati, kwamba makaratasi mengine hufika kama picha za simu zilizopigwa gizani.

"Utalisema hilo ndani?" nikamuuliza. "Ukiniuliza, nitasema."

Nikamuuliza.

### Saa 4:45. Kutafuta chanzo (dakika 40)

Chukua rundo kubwa la vijiti peke yake. Usifanye mengine. Chagua faili moja kutoka rundo hilo na muulize "kwa nini" hadi mfike kwenye kitu mnachoweza kukibadilisha ninyi wenyewe.

Letu lilikwenda hivi. Tamko lilichelewa siku tatu. Kwa nini? Dekleranti alirudisha faili. Kwa nini? Ankara ilisema katoni 480, pakingi listi ikasema 408. Kwa nini halikuonekana siku ya kwanza? Picha ilikuwa na ukungu, na mapokezi waliipokea. Kwa nini waliipokea? Hawana orodha ya kipi kikubaliwe na kipi kikataliwe. Orodha iko wapi? Yote iko kichwani mwa dekleranti mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba aiandike.

Hapo simama. Ukiendelea kuuliza utafika kwenye "kwa sababu wateja hawajali" na baadaye kwenye serikali, na huko hamna mlango. Kinyume chake nacho kipo: mnyororo ukiishia kwenye jina la mtu, umesimama mapema mno. "Kwa nini ilikuwa rahisi kwake kukosea?" ndilo swali linalofuata.

Kisha pima. Rudini kwenye yale mafaili kumi mengine ya rundo hilo: je, chanzo hiki kinayaeleza? Kwetu kilieleza saba. Matatu yalikuwa ya wateja waliosafiri na kuacha hati nyumbani, nasi tukayapeleka "Baadaye". Kama kingeeleza mawili tu, tungekitupa na kuchukua faili lingine.

### Saa 5:25. Kuchagua suluhu (dakika 30)

Dakika tano kila mtu aandike kimya, suluhu moja kwenye kadi moja. Kimya ni cha lazima, kwani mkianza kwa mdomo, wazo la kwanza linakuwa wazo la wote. Bandika, unganisha zinazofanana, kisha kila mtu apige alama mbili nyekundu. Bosi apige wa mwisho.

Iliyopata alama nyingi ilikuwa hii: karatasi moja mapokezi yenye orodha ya hati, na faili lisipewe namba kabla orodha haijakamilika. Kabla ya kuikubali, uliza jambo ambalo wawezeshaji wengi huogopa kuuliza: "Hii itatuumiza wapi?" Keshia akajibu pale pale. Mteja akikataliwa mlangoni, ataenda kwa wakala wa jirani.

Tukairekebisha. Faili pungufu linapokelewa, linawekwa kwenye folda nyekundu bila namba, na mteja anapigiwa simu siku hiyo hiyo kuambiwa kinachokosekana. Pingamizi la keshia liliifanya suluhu iweze kuishi wiki ya kwanza.

### Saa 5:55. Majukumu (dakika 30)

Nusu saa hii ilinde kama pesa ya kodi ya nyumba. Mkichelewa huko nyuma, kateni kwenye kuchora, hapa msiguse.

Kila jukumu liandikwe kwa umbo moja: nani, atafanya nini, siku gani, na tutaona nini. La kwanza letu lilisomeka hivi:

"Dekleranti mkuu ataandika orodha ya hati, ukurasa mmoja, ifikapo Ijumaa jioni. Tutaona imebandikwa kwenye meza ya mapokezi."

La pili lilikuwa la Hajati: folda nyekundu, kuanzia Jumatatu, na rejista ya simu alizopiga. La tatu la keshia: kuandika tarehe ya kwanza ya kila faili, ile iliyokosekana kwenye matano.

Kataa sentensi zinazoanza na "tutahakikisha" au "timu itashughulikia". Timu haina namba ya simu. Kataa pia jukumu la mtu asiyekuwepo, hata kama wote wanacheka na kusema anafaa. Na mtu mmoja akipewa majukumu mawili, muulize mbele ya bosi ni kazi gani ataiacha wiki hiyo. Kama hakuna, toa moja.

### Saa 6:25. Kusoma na kufunga (dakika 15)

Wewe usisome. Kila mwenye jukumu asome lake kwa mdomo wake, akitaja siku. Sauti ikisitasita, uliza kinachomzuia, mara nyingi ni ruhusa au shilingi elfu kadhaa, na bosi yuko hapo kujibu.

Bosi sasa azungumze, dakika tano, na ayajibu yale ya "Baadaye" yanayomhusu: lini, au hapana. Piga picha ya kuta zote kabla ya selotepu kutolewa, uitume kwenye kundi la ofisi kabla ya chakula cha mchana.

## Baada ya wiki mbili

Waite kwa dakika 15, wakisimama. Daftari likiwa wazi, kila mwenye jukumu aseme moja kati ya mawili: limefanyika, au halijafanyika na kinachozuia ni hiki.

Kisha chukua mafaili yaliyoingia tangu Jumatatu ile na uyahesabu kwa vijiti vile vile, ukiyaorodhesha pembeni mwa yale 18. Kwetu yalikuwa 12, na yaliyokwama kabla ya tamko yalikuwa manne. Manne hayo tuliyafungua moja moja. Mawili yalikuwa na folda nyekundu lakini simu haikupigwa, kwa sababu muda wa maongezi wa Hajati ulikuwa umekwisha na hakutaka kuomba. Bosi akatoa simu ya ofisi, ikabaki mezani kwa Hajati.